Namba Iliyobaki Kwenye Maelekezo ya Njia

Mimi hasira zangu ziko karibu. Sijivunii, ila niseme mapema ili usije ukashangaa mbele ya safari. Mtu mzima akiniuliza kitu nilichokwisha kumwandikia, huwa namjibu vibaya kwanza halafu ndiyo namsaidia.

Katika chama chetu cha walimu wanaosimamia maktaba za shule, kazi ya kuandika barua za mkutano wa mwaka haikuwa yangu. Ilikuwa ya mwenzangu tuliyekaa naye meza moja kwa miaka tisa. Alifariki kipindi cha mvua, tukamzika kijijini kwao upande wa Bunda, na wiki chache baadaye mwenyekiti akaniambia, "Sasa kazi ya mwenzako ni yako." Nikasema sawa. Ningesema nini?

Mama yake mzazi anaishi Pasiansi, upande wa mlimani, hatua chache tu kutoka kituo cha daladala. Mwenzangu aliishi naye pale. Tangu msiba sikuwa nimemtembelea hata mara moja. Nikiwa na safari ya upande ule, nilikuwa nashuka kituo kimoja mbele na kurudi kwa miguu kwa njia ya chini, nisije nikakutana naye. Kuna maneno nilimwambia binti yake, na niliogopa kwamba nikikaa sebuleni kwake nikiwa na kikombe cha chai mkononi, yatanitoka.

Walimu wetu hawana magari. Wanatoka Tabora, Kahama, Shinyanga, Geita, wanashuka stendi kuu ya Nyegezi na mabegi yao, na ukumbi tunaokodi kila mwaka uko mbali, huko Pasiansi, chini kabisa karibu na ziwa. Kwa hiyo wiki moja kabla ya mkutano lazima kila mshiriki apate baruapepe ya kumweleza njia. Nilikaa nikaiandika. Ikatoka hivi: "Ukumbi uko Pasiansi. Karibuni." Mwenyekiti akaisoma akacheka, akasema kwa barua hii watu watalala stendi.

Basi nikafungua barua ya mwaka uliopita, aliyoiandika marehemu. Nilikuwa sijawahi kuisoma yote. Aliandika kama anavyoongea:

"Ukishuka kwenye basi pale Nyegezi, usimfuate anayekushika begi. Tembea taratibu hadi zinapopakia daladala. Tafuta iliyoandikwa Airport kwenye kioo cha mbele. Usipoiona, panda yoyote ya mjini, na ukifika mjini ubadilishe uingie ya Airport. Jitahidi ukae upande wa kushoto ili ulione ziwa. Litakuwa likipotea na kurudi, usiogope. Mkishapita Kirumba, mwambie konda mapema kwamba unashuka Pasiansi. Ukishuka usivuke barabara. Ziwa liko upande huohuo uliposhukia. Fuata njia inayoteremka. Ukiona huelewi, nipigie kwa namba hii, uniambie unaona nini hapo ulipo. Kisha baki hapo hapo, nakuja kukuchukua."

Na kweli alikuwa akienda. Alikuwa na mwavuli wa zambarau, mkubwa, ambao tulikuwa tukimtania kwamba ni hema. Simu ikiita, anauliza, "Unaona nini hapo ulipo?" Anasikiliza, anachukua mwavuli, anapandisha kile kilima kwenda kituoni, na baada ya muda unamwona anateremka na mwalimu fulani anayetabasamu kwa aibu.

Mwaka jana, siku ya kuwasili wageni, jua lilikuwa kali sana. Simu iliita kwa mara ya nne au ya tano. Akaniangalia akasema, "Dada, nenda wewe safari hii. Miguu yangu leo haina nguvu." Nilikuwa napanga vitambulisho vya wageni mezani, na vilikuwa vimechanganyika, na nilikuwa na njaa. Nikamjibu, "Hao ni watu wazima na akili zao. Unawalea kama watoto, halafu unataka na sisi tuwalee. Ukishaanza ujinga wako, umalize mwenyewe." Alichukua mwavuli akatoka. Nilimwona dirishani. Alisimama mara mbili kwenye kile kilima, mara ya pili akashika ukuta wa nyumba ya watu. Sikuinuka. Wakati ule sikujua kwamba alikuwa mgonjwa, na huwa najiambia hivyo, lakini ukuta niliuona.

Sasa barua yake ilikuwa mbele yangu. Niliinakili yote, nikabadilisha tarehe, na chini kabisa nikafuta jina lake nikaweka langu na namba yangu. Nikaongeza mstari kwamba wanaotoka Mara wasubiri maelezo yao, maana mabasi yao hushushia upande mwingine wa mji. Nikaweka anwani za washiriki wote kwenye nafasi ile ambayo mmoja hamwoni mwenzake, nikatuma. Nikashukuru kwamba kazi imekwisha.

Siku ya kuwasili nilikuwa ukumbini tangu asubuhi, simu yangu mezani. Haikuita. Nikasema moyoni, unaona, watu wazima wanajua kusoma. Mchana akaingia mwalimu mmoja kutoka Tabora, jasho linamtoka, akaweka begi chini, akauliza, "Yuko wapi yule dada niliyeongea naye kwenye simu? Nataka nimshukuru."

"Dada yupi?"

"Yule wa namba ya kwenye baruapepe. Nilishuka kituo kisicho changu. Akaniuliza naona nini hapo nilipo."

Nilimwomba anionyeshe simu yake, nikaiona barua yangu, na katikati ya maneno, si chini nilikobadilisha, namba ya mwenzangu. Nilikuwa nimeiacha palepale alipoiweka. Ninaijua kwa kichwa kuliko namba yangu mwenyewe.

Nilitoka nje nikasimama kivulini. Mimi si mtu wa kuamini mambo ya mizimu, na siku hiyo sikuamini pia, lakini vidole vilikataa kuipiga namba ile. Nikarudi ndani. Nikaanza kuandika barua ya marekebisho: "Samahani, namba iliyomo kwenye maelekezo si sahihi." Sikuweza kuimalizia, kwa kuwa namba ilikuwa sahihi. Ilikuwa inapokewa.

Wakaingia wengine wawili, wa Kahama, wakicheka. Nikawauliza kama na wao walipiga simu. Wakasema ndiyo, na aliyepokea amekuja mwenyewe kuwachukua, amewafikisha hadi pale njia inapoanza kuteremka, akarudi kituoni. "Ana mwavuli mkubwa wa zambarau," akasema mmoja wao. Nikamwachia mwenyekiti meza bila kumweleza chochote, nikaanza kupandisha kilima.

Sijui nilitegemea kuona nini. Najua tu kwamba nilipoufikia ule ukuta nilisimama nikaushika mimi pia. Kutoka pale kituo kinaonekana. Niliuona mwavuli kabla sijamwona aliyeushika. Aliyeushika alikuwa amenipa mgongo, mwembamba, na amesimama vilevile, mguu mmoja mbele. Kwa muda fulani, sijui mrefu kiasi gani, alikuwa yeye. Nisingependa mtu aniambie haikuwa hivyo.

Kisha akageuka. Ilikuwa ni mama yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umepotea wewe." Alikuwa ameshika simu ya binti yake kwa mikono miwili, mwavuli ukiwa kwapani sasa, kwa sababu daladala ilikuwa inasimama na alitaka kuona wanaoshuka. Hakushuka mgeni wetu.

Nikaanza kuomba radhi, maneno yakigongana. Nikamwambia ni kosa langu, nilisahau kuibadilisha namba, nitawaandikia watu wote leo hii wasimsumbue tena. Akanisikiliza hadi mwisho.

"Usiwaandikie," akasema. "Kila Jumapili naiweka chaji na kumpigia dada yangu wa Bunda, maana wanasema laini isipotumika inafungwa. Lakini yenyewe ilikuwa haiiti. Tangu tumzike haijaita. Leo imeita mara sita."

Nikamuuliza amejuaje la kuwauliza. Akanitazama kama vile nimeuliza jina lake. "Si alikuwa akiongea nao sebuleni kwangu? Wengine walikuwa wanampigia usiku wa kuamkia safari."

Nilijua kwamba hapo ndipo pa kusema. Nilikuwa nimeshafungua mdomo aliponitangulia.

"Alikuwa akikusifu," akasema. "Alisema wewe ndiye unayebaki na wageni ukumbini ili yeye apate nafasi ya kutoka. Mwaka jana alirudi nyumbani hoi, nikamgombeza, nikamwambia kwa nini hukumtuma mwenzako? Akasema, alitaka kwenda, mimi ndiye niliyemkatalia."

Simu ikaita mkononi mwake. Akaipokea, akauliza, "Unaona nini hapo ulipo?" Mimi nikafunga mdomo. Nilifurahi kwamba simu imeita, na niliona aibu kwa furaha hiyo, na vyote viwili nilivibeba nikateremka navyo hadi ukumbini.

Mkutano ulikwenda vizuri. Watu walizungumzia rafu na vitabu vilivyoliwa na mchwa, na mimi nilikuwa nikisikia maneno matatu katika kila kumi. Kila nilipolitazama dirisha niliona mtu ameshika ukuta. Marehemu alikuwa amenifunika kwa uongo, kwa mama yake mzazi, siku ileile niliyomwita mjinga, na angeendelea kunifunika hadi nami nife kama ningekaa kimya.

Siku ya pili saa kumi wageni waliondoka. Nilipandisha kilima na begi langu. Daladala ya mjini ingesimama ng'ambo ya barabara, lakini sikuvuka. Nyumba yao naiona kutoka kituoni, mlango wa bluu. Ningeweza kwenda kubisha hodi. Badala yake nilipiga ile namba.

Ilipokewa upesi. Hakuuliza ni nani. Labda jina langu lilitokea kwenye kioo, labda hakuwa na miwani.

"Unaona nini hapo ulipo?"

Sauti ilikuwa yake kabisa, ya binti. Nikasema, "Naona kituo. Naona kilima. Naona ukuta alioshika mwaka jana, nikamwangalia." Halafu nikamwambia yote, kwamba aliniomba niende kwa kuwa miguu yake haikuwa na nguvu, na maneno niliyomjibu, kama yalivyotoka, pamoja na lile la ujinga.

Nilisikia kuku upande wake, na redio ya jirani. Nilingoja akate simu, na ningemwelewa.

"Baki hapo hapo," akasema. "Nakuja kukuchukua."

Mlango wa bluu ukafunguliwa, na kwanza ukatoka mwavuli.