Mkono wa Kushoto wa Jeneza

Mwaka wa 1951 mchwa walikula jeneza la msikiti wetu wa Soga. Walianzia chini, pasipoonekana. Siku Mzee Kibwana, msimamizi wa msikiti, alipolinyanyua apanguse vumbi, alibaki na ubao mkononi na mguu wa jeneza ukabaki sakafuni. Akaja kwangu.

"Fundi Mwinyimadi, tunataka jipya. Upesi."

"Nipe wiki mbili. Waambie watu wasife kwanza."

Mke wangu Biubwa alikuwa uani anamenya muhogo. Akasema bila kuinua uso, "Nyie hamumjui huyu. Waambieni wasife mpaka mfungo ujao."

Kibwana akacheka, na mimi nikacheka.

Boriti za mninga nilikuwa nazo mbili. Zilipasuliwa msituni upande wa Kisarawe, zikapanda gari moshi Pugu, zikashuka hapa stesheni. Zilikaa bandani mwangu mwaka mzima zikikauka. Jeneza ni mikono miwili mirefu inayopita kichwani hadi miguuni, na katikati vipande vya kulalia. Vipande vikivunjika, utaweka vingine. Mkono ukivunjika, maiti yuko chini mbele za watu.

Mwanafunzi wangu alikuwa Twalibu, mtu mzima wa miaka thelathini, mwenye watoto wawili. Alitoka Kisarawe. Zamani alikata mkonge, na mkono wake ulizoea kukata haraka ili hesabu ya siku iishe. Siku ya kwanza alishika msumeno kabla hajaitazama boriti.

"Weka chini," nilimwambia.

"Mzee, si tunakata?"

"Unakata nini?"

"Mbao."

"Mbao ina nyuzi. Unakata nyuzi. Zinakwenda wapi?"

Akatazama. Boriti ilikuwa imetoka kwenye shimo la wapasuaji mbao, chafu, manyoya manyoya. Huwezi kusoma kitu hapo. Nikachukua randa, nikalainisha sehemu ndogo juu, kama upana wa kiganja. Kisha nikalainisha ubavuni vilevile, pale pale. Nyuso mbili zinazokutana kwenye kona moja. Uso mmoja hautoshi.

"Sasa zinakwenda wapi?"

Akapitisha kidole kwenye michirizi myeusi ya mninga. "Zimenyooka, Mzee. Toka huku mpaka huku."

"Hiyo ni rangi. Rangi si nyuzi."

Akanitazama kama nimemtukana.

Nikamwonyesha. Mninga ukiuranda, unaona vijistari vidogo, kama mtu kakwaruza kwa sindano. Hivyo ni vitundu vya maji ya mti. Vinafuata nyuzi. Michirizi ya rangi inaweza kunyooka na vijistari vikaenda upande. Hasa mti uliojisokota ukiwa hai. Nikamwonyesha na nyufa ndogo za kukauka. Ufa haudanganyi, maana mti hupasuka nyuzi zinapoachana. Kisha nikachovya kijiti kwenye wino, nikadondosha tone moja. Wino ukatambaa. Ukatambaa mrefu, mwembamba, unafuata nyuzi.

"Ala!" alisema Twalibu.

"Na bado unaweza kukosea. Kwa hiyo kata kipande kidogo mwishoni, kipasue kwa shoka. Kinavyopasuka ndivyo boriti yote ilivyo."

Tulikipasua. Kilipasuka sawa, wima. Boriti ile ilikuwa njema. Nikavuta kamba ya chaki, si kwa kufuata ukingo wa boriti, bali kwa kufuata nyuzi. Kulikuwa na pembe ndogo ya kutupa upande mmoja.

"Unatupa mbao nzuri, Mzee."

"Natupa kuni. Uzi ukitoka nje ya mkono njiani, hapo pana mlango. Uzito utapitia hapo."

Tukakata mkono wa kulia.

Kesho yake niliitwa Kisarawe kutazama mvule uliolala. Siku mbili. Nikamwambia Twalibu, "Wa pili usome kama huu. Ukiona shaka, niachie."

"Sawa, Mzee."

Niliporudi, nilikuta jeneza limekwisha na limepakwa rangi ya kijani. Biubwa alikuwa amesimama mbele yake, mikono kiunoni.

"Mwanao Twalibu amekupita," aliniambia. "Yeye anamaliza kazi."

Nililizunguka. Nikabonyeza vipande, nikatikisa viungo. Ndimi, zile ncha za vipande zilizochongwa, zilikaa vizuri kwenye matundu ya mikono. Nilifurahi. Nilikuwa nimechoka kwa safari na jeneza lilikuwa zuri. Sikuligeuza. Ijumaa watu wakalichukua.

Jumanne asubuhi Biubwa aliinama kupuliza moto. Nilikuwa nje nanoa patasi. Nilisikia chungu kinaanguka. Nikamwambia, "Mama, umevunja?" Nikasema tena kwa mzaha. Nilipoingia alikuwa amelala ubavu, majivu shavuni, na macho hayakunifuata.

Sikuelewa. Nilimpangusa majivu. Nilikuwa naona aibu watu wakija wamkute na majivu.

Wakaja. Wanawake wakamwosha, wakamvika sanda. Baada ya adhuhuri wakalileta jeneza. Lile jipya. Hakuna aliyekuwa amelilalia bado. Nililitazama likiingia mlangoni mwangu. Rangi ilikuwa bado inanuka.

Tukatoka. Mimi nilishika mkono wa kushoto, mbele. Watu wengi, kila mmoja anataka kubeba hatua chache apate thawabu, kisha anampisha mwenzake. Ndivyo tunavyozika. Mkono unapita kutoka bega hadi bega, unavutwa, unasukumwa, na hatua ni za haraka.

Mkono ulikuwa karibu na jicho langu. Kwa chini haukuwa na rangi. Ilimwishia Twalibu, au alidhani nani atatazama chini. Nikaona mbao tupu.

Nikaona nyufa za kukauka. Zilikuwa zimelala. Zilianzia upande wa ndani, zikakata mkono kwa mshazari, zikatokea upande wa nje, katika urefu wa shubiri mbili tu. Na zilitokea pale pale mkono unapotoka kwenye mwili wa jeneza, penye tundu la ulimi. Pale mbao imeshapungua kwa patasi.

Juu yake alikuwa Biubwa.

Huwezi kusimamisha jeneza. Huwezi kusema litueni, fundi kaona kitu. Nami ndiye fundi. Twalibu alikuwa nyuma yangu kidogo.

"Twalibu."

"Naam, Mzee."

"Mkono huu uliuranda ubavuni?"

"Juu tu, Mzee. Michirizi ilinyooka kabisa. Nilifuata ukingo." Kisha akaona ninapotazama.

"Kipande ulipasua?"

"Hapana."

Nikaacha kushika mbele. Nikarudi nyuma hatua moja, nikapenya hadi chini ya ubavu wa jeneza lenyewe, nyuma ya tundu, bega langu likakaa pale mbao ilipo nzima. Nilihesabu hivi: nikibeba mimi hapa, uzito hautapita kwenye mlango ule. Wanaoshika mbele watakuwa wameshika kijiti tu. Nilikuwa na miaka sitini na kitu.

Mtu akaja kunipokea. Nikakataa. Akaja mwingine. Nikakataa.

Mtani wangu Mashaka alikuwa ameshaanza. Watani hawachagui siku, na msibani ndiko kwao. "Mtazameni mzee huyu! Miaka arobaini hakumbebea hata ndoo ya maji, leo hataki kumwachia!"

Watu wakacheka kwa chini, kama inavyotakiwa.

"Mpisheni apumzike, ataanguka tuchimbe kaburi la pili!"

"Niache, Mashaka," nilisema.

"Haondoki! Anaogopa kule mkewe anakokwenda atapata mume mwenye mkono mwepesi!" Naye akasukuma watu, akashika mbele, mwisho kabisa wa mkono wa kushoto, akaning'inia ili anichokoze. "Hebu nione uzito wa mke wa fundi!"

"Mashaka, toa mkono!"

Tulikuwa tunapanda tuta la reli. Wa mbele walipanda, wa nyuma walikuwa bado chini. Nilisikia kwanza mlio mdogo, kama kucha juu ya meza. Kisha *kwaa*.

Mbele yangu mkono ukaondoka. Jeneza likashuka begani kwangu kama nyumba. Goti likagusa kokoto. Twalibu alikuwa ameshapenya upande wa pili wangu, akabeba kwa mgongo, uso umeangalia chini. Shuka iliyomfunika iliteleza kidogo. Jeneza halikuanguka.

Tahalili ikakatika. Mashaka alisimama katikati ya reli na kipande cha mbao ya kijani mkononi, mdomo wazi. Alikigeuza, akakitazama, akanitazama mimi.

"Songeni," nikasema. "Songeni, msisimame."

Tukafika. Wakamshusha. Ilinibidi niingie kaburini kumpokea, nikashindwa kuinua mkono wangu wa kushoto, ikabidi anipokelee shemeji yangu, nduguye Biubwa.

Tulipomaliza, Twalibu akasimama mbele ya watu wote. "Mzee Kibwana, kosa ni langu. Nimekata bila kusoma."

Midomo ikaanza. Mmoja akasema kwa sauti, "Mtu huyu hafai kushika hata kisu."

"Jeneza ni langu," nilisema. "Limetoka kwangu, sikuligeuza. Mlaumuni mwenye karakana."

Wakaacha, maana nilikuwa mfiwa.

Siku ya tatu ya matanga Twalibu alikuja, akakaa mbali na mkeka. Alikuwa na kile kipande alichochukua kwa Mashaka. Mvunjiko wake ulikuwa wa mshazari, mrefu, umechongoka kama kalamu ya mwanzi.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba."

"Nilidhani utanifukuza."

"Boriti ipo iliyobaki?"

"Ipo."

"Kesho itoe bandani. Randa nyuso mbili. Utaniambia nyuzi zinakwenda wapi. Mimi sitasema kitu."

Alilia. Mimi sikulia, na sikulia siku zile zote. Watu walisema mzee ana moyo mgumu.

Mkono mpya aliusoma siku mbili. Alidondosha wino mahali sita. Alipasua vipande vitatu. Wote waliomwona walimcheka. Alipovuta kamba ya chaki, alinitazama, nami nikatazama pembeni, akakata mwenyewe. Tukaligeuza jeneza pamoja, chini juu, kabla ya rangi. Lilikuwa sawa.

Ila mimi lipo linalonibakia. Kutoka mlangoni kwangu hadi kaburini ni mwendo wa robo saa. Mume humwombea mkewe njiani, humtaja kwa mazuri yake. Nami yote niliyosema moyoni, njia nzima, nikiwa chini yake, ni kuhusu mbao: uzi huu umetoka hapa, ule utatoka pale, tundu lina kina gani. Sikumtaja hata mara moja. Hata jina.