Hatua Kumi na Mbili

Mwaka 2014 nilikuwa nafundisha hesabu kidato cha tano pale Kasulu, na nilikuwa mwalimu mwenye haraka. Nilipenda kengele, nilipenda mwanafunzi anayemaliza, na karatasi iliyoachwa nusu ilinipandisha hasira bila kujali hiyo nusu iliandikwa vizuri namna gani. Ndiyo maana kwenye pochi yangu ilikaa fomu ya kumhamisha binti mmoja kutoka mchepuo wa hesabu kwenda wa sanaa. Alikuwa mtoto wa wakulima wa Titye, mpole, mwenye mwandiko mdogo kama wa mtu anayebania karatasi. Hakuwahi kumaliza mtihani wangu hata mmoja. Kwenye nafasi ya sababu nilikuwa nimeandika neno moja: "Anachelewa." Ilibaki kuipeleka kwa mwalimu wa taaluma siku ya Jumatatu.

Kabla ya Jumatatu hiyo kulikuwa na maonyesho ya shule Kibondo, na mimi nilikuwa nimejitia kwenye balaa la picha.

Picha yenyewe niliiona chuoni, kwenye kitabu cha maktaba, na haikunitoka kichwani. Kanuni yake ni fupi hadi unaona kama unadanganywa. Chagua namba yoyote changamano, yaani namba ya kawaida pamoja na sehemu ya i, ile ambayo ikizidishwa kwa yenyewe inatoa hasi moja; tuiite c. Anza na sifuri. Zidisha ulichonacho kwa chenyewe, jumlisha c, upate namba mpya. Hiyo mpya nayo izidishe kwa yenyewe, jumlisha c ileile. Endelea hivyo. Namba zikifika mbali na sifuri kupita mbili, zimetoroka na hazirudi tena. Zisipotoroka kamwe, hiyo c ni ya ndani, unaipaka wino mweusi mahali pake kwenye karatasi.

Tuligundisha karatasi za manila hadi zikapata upana wa zaidi ya mita, tukachora mistari ya kulala, na kila mwanafunzi akapewa mstari wake atafute weusi unaanzia wapi na kuishia wapi. Nusu ya chini hatukuihesabu. Ukigeuza alama ya sehemu ya i, hesabu nzima inageuka vilevile, kwa hiyo nusu ya chini ni kivuli cha ya juu. Wavivu walishangilia habari hiyo kuliko kitu chochote nilichowahi kuwafundisha.

Kalkuleta zenye uwezo wa namba changamano zilikuwa mbili darasa zima. Yule binti hakuwa nayo, basi nikampa mstari wa katikati, ule wa namba za kawaida zisizo na i, afanye kwa kalamu na kitabu cha majedwali. Nilimwonea huruma, na huruma yenyewe ilikuwa na dharau ndani yake. Nasema ukweli.

Nikaweka sheria: hatua kumi na mbili. Namba ambayo haijatoroka kwa hatua kumi na mbili, paka wino, nenda kwenye nyingine. Vipindi viwili mfululizo ni dakika themanini, na mimi nina mambo yangu.

Picha ikaanza kutoka. Moyo mkubwa uliolala ubavu, kushoto kwake duara lililobandikwa, pembeni vifundo vidogo vidogo, kisha ncha nyembamba inayokwenda mpaka hasi mbili. Kijana mmoja akasema ni kumbikumbi aliyenyofolewa mabawa. Wakacheka, nami nikacheka, maana kweli ilifanana naye.

Ila upande wa kulia wa moyo palikuwa na kasoro. Mstari wa yule binti uliishia kwenye robo kamili, wakati kwa sheria yangu weusi ulipaswa kufika sifuri nukta mbili tisa. Sentimita moja na nusu ya karatasi nyeupe ilikuwa imeingia ndani, kana kwamba picha imeng'atwa.

"Hapa umekosea," nikamwambia mbele ya wenzake. "Chukua sifuri nukta mbili sita. Hatua ya kumi na mbili iko wapi?"

"Iko sifuri nukta tano, Madam."

"Imetoroka?"

"Bado."

"Basi paka."

Hakupaka. Alisimama na kalamu mkononi akiangalia chini, kisha akasema polepole, "Madam, inatoroka hatua ya thelathini."

Darasa likaguna. Nikamwuliza nani alimruhusu kufika thelathini. Akasema hakuna, ila aliona namba bado inapanda kidogo kidogo, akashindwa kuiacha njiani. Akafungua daftari. Kweli, namba zilikuwa zinatambaa: sifuri nukta nne tisa, nukta tano sifuri, nukta tano moja. Kwenye ishirini ilikuwa nukta sita tu. Kisha ikashtuka. Ya ishirini na saba ikapita moja, ya thelathini ilikaribia nne.

"Na robo?" nikauliza, sauti imeshashuka. "Umejuaje yenyewe haitatoroka hatua ya mia tatu?"

"Robo haiwezi kupita nusu, Madam. Nusu mara nusu ni robo, ongeza robo unapata nusu. Ukiwa chini ya nusu, unabaki chini ya nusu. Lakini ukiongeza kidogo tu juu ya robo, kila hatua inapanda angalau kwa hicho kidogo. Haina pa kupumzika."

Nilihakiki ubaoni, mgongo wangu ukiwa kwao, na nilikaa hapo muda mrefu kuliko hesabu ilivyohitaji. Nikakumbuka vizuri kitabu cha chuoni. Moyo ulikuwa na mbonyeo mkali pale pale. Niliona aibu, na chini ya aibu nikaona furaha, hata sikujua nianze na ipi. Tulifuta upande mzima wa kulia na kuuhesabu upya, hatua mia badala ya kumi na mbili. Kalkuleta zile mbili zilikoma kwa kazi.

Nikamchagua yeye aende Kibondo kueleza picha. Fomu nikaisahau.

Kibondo watu walikuja kwa kumbikumbi, wakabaki kwa maswali. Mzee mmoja mwenye duka la vitambaa, kofia yake safi, alisikiliza hadi mwisho kisha akamwambia, "Mwanangu, nionyeshe hiyo inayokawia. Nataka kuiona ikitoka."

Karatasi zilikuwa zimeisha. Nikapekua pochi, nikatoa ya kwanza niliyoishika, nikampa binti. Alipoigeuza kutafuta upande mweupe, nikaona macho yake yamesimama. Ndipo nilipoitambua karatasi. Jina lake, mwandiko wangu, na lile neno moja.

Nilitamani ardhi inimeze. Yeye alisoma, na kwa kasi yake ile ile. Kisha akaigeuza, akailaza mezani, akaandika sifuri juu kabisa.

Alichukua kama nusu saa. Mzee alinunua karanga, akavuta kiti. Wanafunzi wa shule nyingine wakajazana wakihesabu hatua kwa sauti, na kila aliyefika akiuliza "imeshatoka?" alijibiwa na mzee, "Bado, kaa." Ilipovuka mbili walipiga makofi kama mpira umeingia golini.

"Na zile zisizotoka," mzee akauliza, "utazijuaje? Pengine zinakawia tu."

"Kwa kuhesabu peke yake huwezi kujua, Babu. Ya kutoka utaiona ikitoka. Ya kubaki lazima utafute sababu yake."

Watu walipopungua akanirudishia karatasi kwa mikono miwili. Namba zake ndogo zilikuwa zimejaza upande wote mweupe, na pale zilipokosa nafasi alikuwa amegeuza na kuendelea upande wa mbele, ukingoni, kisha juu ya mistari ya fomu. Hatua ya thelathini ilikuwa imeandikwa juu ya neno langu.

"Samahani, Madam," akasema. "Fomu yako nimeimaliza."