Kisanduku cha Sita

Ule mchoro ulipopotea, wenzangu ofisini walicheka. Mimi sikucheka. Mimi ni mtu wa wasiwasi, nimezaliwa hivyo, na mwaka ule nilikuwa na sababu. Mdogo wangu, tumbo moja, alikuwa na mimba kubwa kijijini kwetu upande wa Kikole, na alikuwa amekataa katakata kuja mjini kujifungulia. Nesi wa zahanati yao anamjua, alisema, na hospitali za mjini zina makelele.

Kazi yangu ilikuwa kuandaa mwongozo wa zahanati za vijijini kabla haujaenda kuchapwa. Ndani yake palikuwa na mchoro mmoja mkubwa wa visanduku na mishale, unaomwelekeza nesi hatua za kufuata mama anapotokwa na damu nyingi baada ya kujifungua. Nilipofungua faili, maneno yote yalikuwepo ila mahali pa mchoro palikuwa na fremu tupu yenye alama nyekundu pembeni. Fundi akanieleza kwamba picha haikuwahi kuwekwa ndani ya waraka wenyewe. Ilikuwa imeunganishwa tu na kompyuta ya zamani, na kompyuta ile imekufa na vyote vilivyokuwamo.

Nakala iliyobaki tuliyoijua ilikuwa imebandikwa ukutani kwenye zahanati ile ile ya kwetu. Nikampigia nesi. Akajaribu kunitumia picha, mtandao ukagoma, akajaribu tena ukagoma.

"Basi nisomee," nikamwambia. "Kila kisanduku kipe namba. Halafu niambie mshale unatoka wapi na unakwenda wapi. Usiruke hata mmoja."

"Haya dada, andika."

Nikaandika kama alivyonisomea:

1. Mama anatokwa na damu nyingi kuliko kawaida? Hapana: nenda 4. Ndiyo: nenda 2.
2. Ita msaada. Sugua mfuko wa uzazi, choma sindano ya kukaza mfuko, weka dripu, hakikisha kibofu ni kitupu. Nenda 3.
3. Damu imekoma? Ndiyo: nenda 4. Hapana: nenda 5.
4. Endelea kumwangalia kwa karibu. Damu ikianza tena, rudi 2.
5. Endelea na matibabu. Ita gari, piga simu hospitali. Nenda 6.
6. Ndugu wameridhia mama apelekwe? Ndiyo: nenda 8. Hapana: nenda 7.
7. Waelimishe ndugu. Rudi 6.
8. Ondoka na mama, nesi akiwa naye garini.

Nilimshukuru, nikakata simu, nikaanza kuupitia kwa kidole kama mtoto anayejifunza kusoma. Nilijifanya mimi ndiye nesi. Damu haijakoma, nenda tano. Gari nimeita, nenda sita. Ndugu hawajaridhia, nenda saba. Nimewaelimisha, rudi sita. Bado hawajaridhia, nenda saba. Rudi sita.

Hapakuwa na njia ya kutoka.

Mchoro ule nilikuwa nimeuona mara nyingi. Kwenye picha, mshale wa saba ulijikunja vizuri kurudi sita, ukapendeza macho, nasi tukaona umekamilika. Na aliyeuchora hakuwa mjinga. Alitujua. Kwetu bara ya Lindi mpwa hahamishwi bila mjomba wake kusema neno, awe anaolewa au anaumwa, na nesi anayempuuza mjomba hatakaa kijiji hicho kwa amani. Kwa hiyo mjomba akawekewa kisanduku chake. Ila hakuna aliyejiuliza itakuwaje mjomba akisema hapana na akabaki hapo hapo. Mgonjwa haulizwi uji, wahenga walisema, na karatasi yetu ilikuwa inauliza ukoo mzima.

Nikampigia nesi tena. Nikamuuliza kama kuna aliyewahi kukwama hapo kwenye sita na saba.

Nilimsikia akifunga mlango wa chumba alichokuwamo.

"Yupo," akasema. "Kabla ya mimi, enzi za mwenzangu niliyempokea. Gari lilikuwa nje, limewashwa. Walimwelimisha mjomba mtu vizuri sana, dada. Alipokuja kuridhia, hapakuwa na mtu wa kupakia."

Nilikwenda moja kwa moja na karatasi yangu kwa daktari anayesimamia mwongozo. Shikamoo yangu sijui kama aliisikia. Aliisoma karatasi, akaisoma tena, akavua miwani.

"Mama mwenyewe yuko wapi humu?" akauliza. "Ni mtu mzima. Mbona hakuna kisanduku kinachomuuliza yeye?"

Tuliuandika mchoro upya pale pale mezani kwake. Sita ikawa: Mama mwenyewe ameridhia? Ndiyo: nenda 8. Hawezi kusema: nenda 8. Amekataa: nenda 7. Saba ikawa: Mweleze hatari, endelea na matibabu, mpigie daktari sasa hivi mama akiwa bado anaelezwa, muulize tena. Na kwenye nane tukaongeza: Waarifu ndugu mkiwa njiani. Daktari akaniagiza niusome kwa simu zahanati zote, nisisubiri uchapaji. Nilianza na ya kwetu. Nesi aliunakili kwa kalamu nyeusi akaubandika juu ya ule wa zamani.

Ungedhani basi nililala usingizi. Wapi. Mjomba wetu namjua. Ni mtu mwema, ametulea, lakini kwake hospitali ni mahali ambapo dada yake, mama yetu, aliingia akitembea na akatoka amebebwa. Isitoshe ulikuwa msimu wa korosho, na shambani kwake hakuna mtandao. Kila simu ilipolia, niliipokea kabla haijalia mara ya pili. Nilikuwa nimebadilisha maneno kwenye karatasi. Watu sikuwa nimewabadilisha.

Simu ya nesi ilikuja asubuhi moja, nikiwa kwenye foleni ya benki. Nyuma ya sauti yake nilisikia injini.

"Dada, mdogo wako amejifungua salama, mtoto wa kike. Ila damu imekataa kukoma."

Nikaanza kupiga kelele kwamba naruhusu, mimi ndugu yake naruhusu, mchukueni, mjomba nitamalizana naye mwenyewe. Watu kwenye foleni waligeuka.

"Sikukupigia kuomba ruhusa," akasema. "Nakuarifu. Tumeshaondoka."

Nilipanda bodaboda hadi Nangurukuru, njia panda ambayo gari lao lingepita likija hospitali, kwa sababu sikuweza kukaa. Nilisimama karibu na wauza chakula nikisoma kila dua ninayoijua na kuzichanganya. Gari lilipita mbio, halikusimama, na nilifurahi kuwa halikusimama, kwa maana maiti hakimbizwi namna ile. Hayo ndiyo mawazo niliyokuwa nayo. Nilimwambia kijana wa bodaboda alifuate.

Hospitalini walimwongezea damu, wakamfanyia walichomfanyia nyuma ya mlango ambao mimi, na kazi yangu yote, sikuruhusiwa kuupita. Jioni mdogo wangu aliniomba chai.

Mjomba alifika kesho yake, viatu vimejaa vumbi jekundu la shambani. Hakuitikia shikamoo yangu. Alisimama mwisho wa kitanda, akamtazama mtoto, akaitazama chupa ya damu iliyokuwa bado inaning'inia. Nilijua anamwona mama yetu.

"Nani aliruhusu?" akauliza.

Nilifungua mdomo. Nilikuwa nimejiandaa kubeba lawama, maneno yake nimeyakariri usiku kucha.

"Mimi, mjomba," mdogo wangu akasema kutoka kwenye mto, kwa sauti ndogo. "Waliniuliza mimi."