Swali la Wapokeaji

Aluoch alikuwa na wivu, na tusizungukezunguke. Wivu ule wa kukufanya usonye peke yako ukiosha vyombo. Miaka sita alikuwa amekaa kwenye meza ya simu katika ofisi ndogo ya magari ya kukodi mjini Kericho, na maneno yote ya kumhudumia mteja kwenye simu ni yeye aliyeyatunga. Mteja akipiga, unamsalimu, unamuuliza ndege gani, inatua Kisumu saa ngapi, abiria wangapi, mizigo mingapi, anashuka wapi. Kisha unamtajia bei moja, mafuta, maegesho na kungoja vikiwa humo humo, asije akaongezwa hata shilingi njiani. Mwisho unamtumia jina la dereva, picha yake na namba ya gari.

Basi akaja Jecinta, msichana wa Kapsoit mwenye sauti laini, na kwa miezi miwili tu kila mteja akawa anamtaka yeye. "Nipe yule wa sauti nzuri." Ala! Na Aluoch alikuwa na sauti ya nini, ya mashine ya kusaga mahindi? Bosi wao, Noah, akatangaza kwamba mwisho wa mwezi atachagua msimamizi wa meza. Aluoch alikitaka cheo kile mpaka usingizi ukampungua.

Jumatano moja Janeffer alipiga, mwuguzi wa Litein aliyekuwa akirudi kutoka Qatar baada ya miaka mingi. Jecinta akaenda naye vizuri, hatua kwa hatua. Abiria? Mmoja. Mizigo? Masanduku mawili. Basi gari dogo, elfu kumi na moja mpaka mlangoni, hakuna nyongeza.

Hapo Aluoch akainua kichwa. Jecinta hakuuliza juu ya wapokeaji! Mtu wa huku akirudi kutoka ng'ambo, haji kupokewa na dereva pekee. Mama, shangazi na majirani hupanda matatu asubuhi, mursik, yale maziwa ya mgando, kwenye kibuyu, wakamngoje uwanjani, na kurudi wote hurudi na gari lake. Aluoch mwenyewe ndiye aliyeliongeza swali hilo kwenye maneno ya simu.

Ulimi ulimwasha. Wacha achomeke, alijiambia, tuone kama sauti itamsaidia.

Jioni dereva akapangwa: Okeyo. Moyo wa Aluoch ukashtuka. Okeyo alikuwa mtoto wa mama yake mdogo, na Aluoch ndiye aliyemleta kazini. Alimhimiza apate leseni ya kubeba abiria na cheti cha polisi cha mwenendo mwema, akangoja mlangoni Noah akimpima barabarani mpaka Londiani na kurudi. Bado angeweza kusema. Hakusema. Okeyo ni mjanja, atajipanga.

Okeyo alijipanga kweli. Uwanjani alikuta watu saba wakiimba, na gari lake ni la watu wanne. Akampigia rafiki yake mwenye gari kubwa, mtu ambaye ofisi haikumjua hata jina, akamwomba Janeffer elfu nne za ziada. Janeffer akalipa. Alipofika nyumbani akapiga simu, na alichomwambia Noah hakirudiwi.

Asubuhi Noah alisimama katikati ya ofisi. "Bei ikitajwa, imetajwa. Na dereva ambaye hatujamkagua habebi mteja wetu. Okeyo, leta funguo."

"Bosi, ningewaacha wale wazee uwanjani?"

"Ungenipigia mimi."

Okeyo akamtazama Aluoch, na Aluoch akatazama ukingo wa meza. Aki ya Mungu, maneno yalikuwa pale pale kooni.

"Bosi, kosa ni langu," Jecinta akasema. "Sikuuliza wapokeaji. Ningeuliza, tungempa gari kubwa na bei yake tangu mwanzo. Kata zile elfu nne kwa mshahara wangu, umrudishie mteja."

Noah akamtazama kwa jicho jipya. "Okeyo, utakaa nje wiki moja, kisha utarudi. Jecinta, mtu wa kusema ukweli namna hii ndiye namtaka kwenye meza. Usimamizi ni wako."

Aluoch alihisi kama amemwagiwa maji baridi. Hata kosa lenyewe limempa cheo!

"Lakini wewe Aluoch," Noah akageuka, "mnakaa bega kwa bega. Hukumsikia akiliruka swali lako?"

Kabla hajafungua mdomo, Jecinta akadakia. "Hapana, bosi, usimlaumu dada. Hakusikia. Angesikia, angeniambia. Yeye ndiye amenifundisha kazi yote."

Akamgeukia, akamshika mkono na kumtabasamia kwa macho yenye machozi. Ofisi yote ilikuwa ikingoja Aluoch aseme neno. Simu ikalia, na yeye ndiye aliyeikimbilia.