Picha ya Mama Mkubwa Iliyofunguliwa Sana

Mpaka leo sijui kama ile picha ilikuwa mbaya au nzuri, na ukiniuliza haraka haraka nitakasirika.

Nilikuwa nafanya kazi katika studio ya foto mjini Bunia. Nilipanga mabango kwenye kompyuta: kampeni za kanisa, harusi, na zaidi ya yote matangazo ya matanga, maana msiba hauna msimu. Mama mkubwa, dada ya mama yangu, alikuwa fundi wa nguo. Alipohama Butembo kuja Bunia aliacha nyuma chumba kizima cha wasichana aliowafundisha kushona, nao wakatawanyika, huyu Mahagi, yule Mongbwalu. Ili awafuate huko walipo, akaanza kurekodi masomo kwa simu na kuyaweka mtandaoni. Somo alilolipenda kuliko yote, la kupachika mkono wa blauzi, lilifunguliwa na watu kumi na mmoja. Mmoja wao nilikuwa mimi.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, lakini wahenga hawakuwahi kupandisha video. Nikamwambia tatizo ni picha ya mbele, ile mtu anayoiona kabla hajafungua video, nami nitaitengeneza. Niliweka cherehani, mkasi, mishale miwili myekundu na maneno mengi. Kwenye kompyuta ya studio ilipendeza. Mama mkubwa akaitazama kwenye simu yake yenye kioo kilichopasuka.

"Mi naona kitambaa tu," akasema. "Mukono iko wapi?"

Neno "mkono" nilikuwa nimeliandika kona ya chini kulia, na kile kisanduku cheusi cha dakika za video kilikuwa kimelikalia. Niliona aibu, halafu hasira.

"Jaribu tena," akasema. "Kama na hii watu hawafungue, mi naacha. Nitafundisha tu wenye kuja hapa nyumbani."

Alisema polepole, na hapo ndipo nilipoogopa. Mwanamke yule hakuwa na kitu kingine cha kuwapelekea wasichana wake.

Safari hii nilipunguza kila kitu. Nilikata uso wake kwenye foto ya Jumapili, nikautoa rangi ili uonekane wazi juu ya mandhari nyeusi. Kona moja niliweka maua ya kitambaa aliyoyashona mwenyewe. Jina la somo limeandikwa tayari chini ya video, nikaona sina haja ya kulirudia, basi nikaandika jina lake tu kwa herufi nyeupe. Niliipunguza picha ikawa ndogo kama ukucha wa kidole gumba. Bado ilisomeka. Nikabadilisha ya zamani, video ikabaki ile ile.

Kwa siku mbili watu walifungua kwa mamia. Kichwa kilinivimba. Lakini somo lilikuwa la dakika kumi na mbili, na karibu wote walitoka kabla ya dakika moja. Chini yake waliandika: "Poleni familia." Sikuelewa. Nilidhani wanamhurumia kwa ugumu wa mkono wa blauzi.

Siku ya tatu asubuhi mmoja wa wasichana wake wa zamani alishuka kwenye pikipiki mbele ya nyumba, vumbi la barabara ya Mahagi mpaka kwenye nyusi, analia kwa sauti. Akamkuta mama mkubwa kwenye cherehani.

"Mama! Weye uko muzima?"

"Mi niko muzima. Nani alikuambia nimekufa?"

Msichana akatoa simu. "Foto hii! Si iko ya matanga?"

Nilitazama, na kwa mara ya kwanza nikaiona. Mkono wangu ulikuwa umefanya kazi uliyoizoea. Nilitamani ardhi inimeze.

"Kumbe mpaka nikufe njo mufungue," mama mkubwa akasema. Hakucheka. "Masomo ingine, juu ya nini hukufungua?"

"Nilizania iko ya wenye kuanza, mama."

Mama mkubwa alimshika begani, pale blauzi yake ilipojikunja kunja kwenye mshono. "Na hii?"

Msichana akainamisha macho. Nami nikachukua simu nikapiga picha ya bega lile, kisha ya bega la blauzi iliyokuwa mezani, lililokaa laini. Nikayaweka bega kwa bega, na juu, mbali na kisanduku cha dakika, maneno mawili: "Mukono unajikunja?"

Waliofungua walikuwa wachache kuliko wa matanga. Wengi wao walibaki mpaka mwisho, na wawili walikuwa wa chumba kile cha Butembo. Mama mkubwa akaendelea kurekodi. Kwa nini mamia walikimbilia kifo chake na wachache tu kazi yake, hilo bado linanichanganya.

Jioni ile nilitaka kuifuta picha nyeusi. Akanizuia mkono.

"Ile ichunge, mutoto wangu. Iko muzuri. Utaitumia siku yake."

Ipo kwenye kompyuta. Sijaifungua tena.