Mlango wa Pili, Saa Nne

“Dada, nikija saa nne nipate mlango umechukuliwa, utaniambia nini?” aliuliza dereva wa lori la mchele kutoka Wang'uru. Meneja wa ghala letu Kiganjo alikuwa amenipa wiki moja tu kujaribu kulipangia kila lori saa yake ya kupakua.

Siku ya kwanza madereva wengine wote walikuja alfajiri, kama walivyozoea, wakajazana uwanjani. Yule wa mchele peke yake alifika saa nne. Mlango wa pili nilikuwa nimemwekea, akapakua akaenda zake.

“Ati huyu amehonga nani?” wenzake walifoka.

“Amefuata saa yake,” niliwajibu.

Kesho yake kila mmoja alifuata yake, uwanja ukapumua. Nilijisifu sana. Miaka mingi baadaye dereva yule alinichekea: asubuhi ile naye alikuwa anakuja alfajiri kama wenzake, ila alichelewa kwa pancha, pale Karatina.