Neno la Prof Ezéchiel juu ya Rangi ya Tatiana

Ezéchiel Cirhuza alikuwa amefundisha biolojia kwa miaka kumi na tisa katika lisee moja, shule ya sekondari ya masista mjini Bukavu, na wanafunzi wake walimpenda kwa sababu alikuwa anachekesha. Alijua kumgeuza mbu kuwa mama mkwe, na moyo kuwa pampu ya maji ya Regideso isiyokatika. Katika madarasa mengine, saa ya mwisho, wasichana walisinzia. Kwake hawakusinzia. Alijivunia jambo hilo kuliko diploma yake.

Siku ya Jumanne, mwezi wa pili, alikuwa anafundisha urithi katika darasa la tano. Alikuwa ameshaeleza njegere za rangi mbili, na zilikuwa zimebaki dakika kumi kengele ilie. Jeanine, msichana wa benchi la mbele, akainua mkono.

"Prof, na rangi ya ngozi ya batu? Kama baba iko metisi na mama iko mweusi, batoto banatoka namna gani?"

Swali lilikuwa zuri. Ezéchiel alikuwa amechoka, na sura ya kitabu iliyojibu swali hilo alikuwa ameiruka mwaka ule, kama alivyoiruka mwaka uliotangulia, kwa kuwa ni ndefu na hairudi sana kwenye mtihani wa serikali. Akajibu lile lililomjia mdomoni.

"Ni kama chai na maziwa. Ukichanganya, inatoka rangi ya katikati. Chai ileile, maziwa yaleyale, vikombe vyote vinafanana."

Jeanine hakuwa na nia mbaya. Aligeuka tu, akamtazama Tatiana aliyekaa karibu na dirisha. Darasa zima likageuka naye. Kila mtu katika shule ile alimjua baba ya Tatiana, fundi Patrice wa mtaa wa Nguba, metisi, yaani chotara, mtoto wa Mreno aliyewahi kufungua duka Kamituga. Kila mtu alimjua pia dada yake, Joviale wa darasa la sita, mwenye ngozi ya rangi ya asali na nywele za kahawia. Tatiana alikuwa mweusi kama mama yake, Noëlla, mtu wa kijiji cha Miti.

"Lakini prof," akasema mwingine kutoka nyuma, "Joviale na Tatiana?"

Hapo Ezéchiel angeweza kusema, "Sijui, nitatafuta." Akasema hivi:

"Basi labda kikombe kimoja kilipikwa kwa jirani!"

Darasa likacheka mpaka mwalimu wa chumba cha pili akagonga ukuta. Ezéchiel naye akacheka. Alipotazama dirishani akaona Tatiana ameinamisha kichwa juu ya daftari, anaandika, au anajifanya kuandika. Kengele ikalia.

Jumatano Tatiana hakuja. Alhamisi pia hakuja. Ijumaa, Sista Lucie, mkuu wa shule, alimwita Ezéchiel ofisini na hakumwambia akae.

"Maman Noëlla alikuwa hapa asubuhi," alisema. "Ameniuliza kama ni shule yetu inayofundisha kwamba mtoto wake si wa bwana wake."

Ezéchiel alitaka kusema kwamba ulikuwa mzaha. Sista hakumpa nafasi.

Sista akamweleza yaliyotokea. Tatiana alikuwa amefika nyumbani akamuuliza mama yake mbele ya watu, "Maman, baba yangu ni nani?" Tante Christine, dada ya Patrice kwa upande wa mama, alikuwepo. Miaka yote Christine alikuwa anasema kwa chini kwamba mtoto wa pili hafanani na mtu wa kwao. Sasa alikuwa na shahidi. "Si mimi," alisema, "ni prof wake mwenyewe, mutu aliyesomea." Patrice hakupiga kelele. Alichukua mto na blanketi, akahamia kulala kwenye chumba cha vifaa vyake, na tangu Jumanne alikuwa hajamsemesha mke wake.

"Ulichosema ni kweli?" Sista akauliza.

"Hapana, Sista."

"Ulijua kwamba si kweli?"

Hilo ndilo swali lililomfuata njiani mpaka nyumbani kwake Kadutu. Alitoa sanduku la madaftari yake ya zamani ya chuo, akayapekua moja baada ya jingine. Katika daftari la mwaka wa pili aliikuta, kwa mwandiko wake mwenyewe, mwandiko wa kijana aliyekuwa na bidii: rangi ya ngozi haitegemei jeni moja, inategemea jeni nyingi, kila moja inaongeza au inapunguza kidogo. Chini yake alikuwa amepiga mistari miwili kwa wino mwekundu. Alikaa na daftari magotini. Mtu asiyejua husamehewa. Yeye alikuwa amejua, akauza alichokijua kwa kicheko cha dakika moja.

Jumamosi asubuhi alishuka Nguba. Nusura arudi mara mbili. Alimkuta Patrice barazani, amekaa mbele ya ubao wa dame, yaani drafti, vifuniko vya chupa vimepangwa, vyekundu upande huu, vyeupe upande ule, na hakuna wa kucheza naye. Noëlla alikuwa ndani ya mlango, anachambua sombe, majani ya muhogo. Hakuitikia salamu.

"Papa Patrice, nimekuja kuomba pardon," Ezéchiel alisema. "Nilisema uongo juu ya mutoto wako."

"Uongo?" Patrice hakumtazama. "Weye njo prof. Mimi niko fundi tu. Dada yangu anasema hata kitabu kinakubali."

"Kitabu hakikubali. Niruhusu nikuonyeshe, na hivi vifuniko."

Patrice akausukuma ubao kwake. Ezéchiel akachukua kofia yake mwenyewe, akaigeuza, akatia ndani kifuniko kimoja cheupe na kimoja chekundu.

"Rangi ya ngozi haiko kitu kimoja ndani ya mwili," alisema. "Inatoka kwenye jeni nyingi, zimetawanyika. Tuseme kumi, juu ya kuhesabu tu. Kwa kweli ni nyingi zaidi, zingine zina nguvu kuliko zingine, na wataalamu bado wanazihesabu. Kila moja unayo mara mbili: moja ya baba yako, moja ya mama yako. Tuseme nyeupe ni ile inayopunguza weusi, nyekundu ni ile inayouongeza. Wewe, kwa baba Mreno na mama mweusi, Mushi wa huku kwetu, sehemu nyingi unazo zote mbili. Njo maana rangi yako iko katikati. Lakini mutoto haumpe zote mbili. Unamupa moja tu, na hauchague. Funga macho, utoe."

Patrice alisita, kisha akatumbukiza mkono. Kikatoka cheupe. Ezéchiel akakiandika kwenye karatasi, akakirudisha, wakaenda sehemu ya pili. Mara kumi. Vilitoka vyeupe saba, vyekundu vitatu.

"Huyo ni mutoto wa kwanza. Sasa wa pili."

Safari hii Patrice alitoa polepole, kama mtu anayeogopa kitakachotoka. Chekundu. Chekundu. Cheupe. Chekundu. Mwisho vilikuwa vyeupe vitatu, vyekundu saba.

"Mukono moja, kofia moja," Ezéchiel alisema. "Wote wawili umewapa kumi, hakuna uliyemupunja. Na maman yao naye ametoa zake, na hata yeye hana nyekundu tupu. Hata kwa watu weusi watupu jeni hizo zimechanganyika. Si chai na maziwa. Chai ikishachanganyika haiachani tena. Hizi haziyeyuki. Zinapita kwa mutoto kama zilivyo."

Kwa mara ya kwanza Noëlla alisema kitu, bila kusimama. "Kaka yangu Raphaël anatoka tumbo moja na mimi, na ngozi yake inang'aa kuliko yangu. Hakuna aliyemuuliza mama yetu."

Patrice alishika kifuniko kimoja, akakizungusha vidoleni. Kisha akainua macho, na Ezéchiel akaona kwamba hakuwa amepata usingizi siku zile.

"Basi uniapie, prof. Tatiana ni wangu?"

Ezéchiel angependa sana kusema ndiyo. Lingekuwa neno jepesi, na lingemtoa pale barazani kama mtu mwema. Lakini ndivyo alivyokuwa amelitupa lile neno la Jumanne.

"Rangi yake haiwezi kuniambia ndiyo, na haiwezi kuniambia hapana," alisema. "Niliwafanya watu waamini kwamba inasema hapana. Hilo njo kosa langu. Yale mengine uyaulize kwa mwenye kujua, na mwenye kujua iko nyuma yako."

Noëlla alisimama, majani ya sombe yakaanguka kutoka mapajani mwake.

"Miaka kumi na nane niko mu nyumba yako," alimwambia mumewe, sauti yake chini kabisa. "Hukuniuliza. Ulibeba mto. Uniulize sasa, mbele ya huyu, kama vile yeye alisema mbele ya batoto ya batu."

Patrice hakuuliza. Aliziba uso kwa mikono yake yenye madoa ya mafuta. Kisha akasema kwamba kule Kamituga, akiwa mdogo, watoto wenzake walimwita "takataka ya Muzungu", na aliapa hatawahi kumhukumu mtu kwa ngozi. "Na nimeanza na mutoto wangu," akasema. Noëlla alimwangalia kwa muda mrefu. Hakumgusa. Akaingia ndani.

Tatiana alikuwa amesikia yote dirishani. Alitoka Ezéchiel alipokuwa anaaga, akasimama mbali kidogo.

"Prof, baba umemuomba pardon hapa nyumbani. Mimi uliniaibisha mu darasa."

"Ndiyo, Tatiana."

"Basi utaniomba mulemule."

Jumatatu Ezéchiel aliingia darasani. Tatiana alikuwa kwenye nafasi yake. Ezéchiel alisimama mbele ya wasichana arobaini na wanne, akawaambia kwamba Jumanne iliyopita aliwafundisha uongo alioujua kuwa uongo, kwamba aliwafanyia mzaha mwenzao na mama yake, na kwamba anaomba pardon. Wengine walicheka kidogo, wakidhani ni mzaha mwingine, kisha wakanyamaza. Ilikuwa mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa darasa lake kunyamaza hivyo. Akafuta ubao, akaanza sura aliyoiruka, sehemu kwa sehemu, mpaka kengele.

Tatiana aliandika yote. Hakumshukuru, wala hakuwa na deni la kumshukuru. Patrice alirudi chumbani kwao baada ya wiki mbili, Noëlla aliporuhusu. Tante Christine hajawahi kusema samahani. Anasema tu kwamba wanasayansi hubadilisha maneno.

Ezéchiel bado anafundisha. Kila mwezi wa pili anafundisha sura ile nzima, na wasichana wapya wanashangaa kwa nini prof anayechekesha hachekeshi siku hiyo. Jumapili, kanisani, wakati wa kupeana amani, Noëlla huwapa mkono watu wa benchi lake wote, kisha hutazama altare bila kugeuka nyuma. Ezéchiel hukaa benchi la nyuma yake. Hajawahi kunyoosha mkono wake kwanza; anamngoja yeye.